Kundi la foleni, huduma ya kawaida au maongezi tu? Jinsi ya kuchagua (na kusoma) kundi linganishi kwenye majaribio ya tiba ya kisaikolojia

Ukisoma mahali kwamba tiba fulani ya mazungumzo imeonekana kusaidia watu wenye sonona, swali la kwanza la kuuliza ni imesaidia kuliko nini? Manake kwenye jaribio la kugawa watu kwa kura kuna upande mmoja unaopata tiba na upande wa pili unaopata kitu kingine, na hicho "kitu kingine" ndo kinaamua namba itakayotoka itakuwa kubwa au ndogo, hata kama tiba yenyewe ni ileile, imetolewa na watu walewale, kwenye chumba kilekile.

Nimeona watu wengi wanakwama hapa, wanafunzi wanaoandika proposali za masta, watu wa mashirika wanaotaka kupima programu yao, hata manesi na maofisa ustawi wanaosoma tu matokeo ili waamue wafundishwe tiba ipi. Wanaambiwa "weka kundi linganishi" bila kuambiwa lipi. Kwaiyo hapa naziweka tatu zinazotumika sana, foleni ya kusubiri, huduma ya kawaida, na maongezi ya kawaida yenye muda sawa na tiba, tuone kila moja inakupa nini na inakunyima nini.

Kwanza tukubaliane tunalinganisha kwa vigezo gani

Nina vigezo vinne, na ntavitumia kwa kila moja.

Cha kwanza, inazuia nini. Mtu mwenye sonona anaweza kupata nafuu kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na tiba. Muda umepita tu. Au alikuja siku yuko chini kabisa, na mtu aliyeko chini kabisa njia iliyobaki mara nyingi ni ya kupanda. Au kuna mtu alimsikiliza kwa heshima kila wiki. Au aliamini atapona. Kundi linganishi zuri ni lile linalobeba hizo sababu nyingine ili zijifute zenyewe unapotoa upande mmoja kwa mwingine.

Cha pili, linaacha nafasi gani ya kuficha nani kapata nini. Kwenye dawa ni rahisi, unatengeneza kidonge cha wanga kinachofanana na cha kweli, mgonjwa hajui, daktari hajui. Kwenye tiba ya mazungumzo haiwezekani, anayeitoa anajua anachokitoa (vinginevyo tungekuwa na shida kubwa zaidi) na anayeipokea anajua yuko kwenye kikao au yuko nyumbani. Lakini viwango vya kujua vinatofautiana, na hapo kuna mengi ya kufanya.

Cha tatu, namba yake inasomekaje. Cha nne, inamfaa nani, na hapo naingiza maadili na bajeti, manake huwezi kuvitenganisha.

Mfano wa kufikirika kabla hatujaenda mbele. Tuseme watu wanaanza na alama 16 kwenye dodoso la PHQ-9, ambalo linaenda 0 mpaka 27, alama kubwa ni hali mbaya. Waliopata tiba wanamaliza na wastani wa 8. Wa foleni wanabaki 14. Wa huduma ya kawaida wanafika 11.5. Waliokuwa wanapiga maongezi tu na mtu mwema kila wiki wanafika 10. Alama za watu zimetawanyika kwa mchepuko sanifu wa 5. Ukitaka ile namba inayoitwa d, unachukua tofauti ya makundi mawili mwishoni unaigawa kwa 5. Kwaiyo tiba ileile inapata d ya 1.2 dhidi ya foleni, 0.7 dhidi ya huduma ya kawaida, na 0.4 dhidi ya maongezi. Mwandishi wa kwanza ataandika "athari kubwa sana", wa pili "ya wastani", wa tatu "ndogo". Wagonjwa waliotibiwa wote waliishia kwenye 8!

Hebu tubaki na huo mfano kichwani.

1. Kundi la foleni

Hapa unawapigia watu kura, nusu wanaanza tiba leo, nusu wanaambiwa subirini, nanyi mtaipata baada ya wiki nane au kumi na mbili hivi. Ndo njia inayotumika sana kwa tiba mpya, na sababu yake inaeleweka, ni rahisi, haina gharama za ziada, na hakuna anayerudishwa nyumbani mikono mitupu moja kwa moja.

*Inazuia nini.* Inazuia muda na ile hali ya "alikuja akiwa chini kabisa", na hilo si dogo. Kuna uchambuzi wa Whiteford na wenzake wa 2013 uliokusanya watu wenye sonona kubwa ambao hawakutibiwa, makadirio yao ni kwamba takriban 23% wanapona wenyewe ndani ya miezi mitatu, 32% ndani ya miezi sita, na 53% ndani ya mwaka. Yaani ukiendesha programu ya miezi sita bila kundi linganishi, theluthi moja ya watu wako wangeweza kupona hata kama ungewapa barua ya salamu. Foleni inalishughulikia hilo.

Ila haishughulikii kitu kingine chochote. Kusikilizwa, kuwa na mahali pa kwenda kila Jumatano, kuamini kwamba sasa napata msaada, vyote hivyo viko upande wa tiba tu.

Alafu kuna jambo baya zaidi, foleni yenyewe inaweza kumrudisha mtu nyuma. Mtu aliyeambiwa "subiri, zamu yako inakuja" anaacha kuhangaika mwenyewe, haendi kwa mzee wa kanisa au kwa shekhe, hajaribu kuanza mazoezi, hamwambii dada yake, manake si anasubiri? Furukawa na wenzake mwaka 2014 walilinganisha majaribio mengi ya tiba ya utambuzi na tabia kwa sonona, wakakuta watu waliowekwa foleni walifanya vibaya kuliko watu ambao hawakuahidiwa kitu kabisa. Ule ulikuwa ulinganisho wa kupitia majaribio tofauti kwaiyo una udhaifu wake, lakini Cunningham kule Kanada alifanya kitu cha moja kwa moja mwaka 2013, akachukua watu wenye shida ya pombe, akawapa wote kitu kilekile, tofauti ikawa ni maneno tu, wengine wakaambiwa mmeshaanza kupata huduma na wengine wakaambiwa mko kwenye foleni. Wale wa foleni hawakupunguza pombe kama wenzao. Mi huwa nawaambia watu kama huna muda wa kusoma kitu kingine kuhusu foleni, hili moja linatosha.

*Kuficha.* Hakuna. Mtu wa foleni anajua yuko foleni, na mtu wa tiba anajua anatibiwa. Na kama kipimo chako ni dodoso la kujijaza mwenyewe, basi anayepima ndo huyohuyo anayejua, hata ukiandika kwenye ripoti kwamba "wapimaji hawakujua makundi". Hii inapita kwa wahakiki kila siku. Mtu aliyehudhuria vikao nane na kupewa soda na mtu mpole anaona vibaya kuandika kwamba hajambo kidogo tu.

*Kusoma namba.* Isome kama dari, usiisome kama makadirio. d ya 1.2 dhidi ya foleni inakwambia tiba + kusikilizwa + matumaini kwa pamoja vinashinda kusubiri, na sehemu ya ushindi inaweza kuwa ni wa foleni waliokaa palepale. Angalia wa foleni walisogea kiasi gani. Kama baada ya miezi mitatu hawajasogea hata kidogo wakati tunajua watu wa aina hio huwa wanapata nafuu kidogo wenyewe, shtuka. Jambo lingine, matokeo ya mbeleni yanapotea, manake wa foleni wakishapewa tiba hakuna tena wa kulinganisha naye. Ukiona ripoti inasema "faida zilidumu mwaka mzima" na kundi linganishi lilikuwa foleni ya wiki kumi, ujue mwaka mzima huo ni wa upande mmoja tu.

*Inamfaa nani.* Mtu anayejaribu tiba kwa mara ya kwanza, anataka kujua kama kuna dalili yoyote ya kazi kabla hajaomba hela kubwa. Au shirika ambalo kweli halina nafasi ya kuhudumia watu wote kwa mkupuo, kwaiyo foleni ingekuwepo tu, na kura inakuwa njia ya haki ya kuamua nani aanze. Haifai kabisa kwa watu walio kwenye hatari ya kujidhuru, hao huwezi kuwaambia subirini.

2. Huduma ya kawaida

Kundi la pili linapata kile ambacho lingepata hata kama wewe usingekuja na utafiti wako. Mara nyingi siku hizi wanaiongezea kidogo, manesi wanapewa mafunzo mafupi, mgonjwa anapewa maelezo na rufaa inayoeleweka.

*Inazuia nini.* Muda, kama foleni, na haina ile ahadi ya "zamu yako inakuja" inayomfunga mtu miguu. Kuhusu kusikilizwa na matumaini, inategemea. Na hapo ndo penye shida yote ya njia hii, neno "kawaida" halina maana moja. Kawaida ya mtu wa London ni daktari wa familia, pengine vidonge, pengine rufaa. Kawaida ya zahanati nyingi za kwetu ni nesi mmoja na foleni ya watu wenye homa, na mwenye sonona anaondoka na panado. Zote mbili kwenye jedwali zinaandikwa "huduma ya kawaida".

Mfano mzuri ni ule wa Nairobi uliochapishwa 2017, Bryant na wenzake. Walichukua wanawake 421 kwenye maeneo ya kipato cha chini, wenye msongo na historia ya ukatili wa kijinsia, wakapigiwa kura, nusu wakapata PM+, ambayo ni tiba fupi ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano inayotolewa na wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa, na nusu wakapelekwa kwa manesi wa kituo cha afya. Baada ya miezi mitatu waliopata PM+ walikuwa mbele kwa alama 3.33 kwenye dodoso la msongo liitwalo GHQ-12, na tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa mahali fulani kati ya 1.86 na 4.79. Kwa ile d ni kama 0.57.

Sasa hio 3.33 inajibu swali gani? Inajibu, nikiwa kaunti na nina hela ya kufundisha wahudumu, je wanawake hawa watakuwa afadhali kuliko nikiacha mambo yalivyo? Ndiyo, kwa wastani. Haijibu kama ni mbinu za PM+ zenyewe au ni kule kutembelewa na mtu mara tano. Kwa mtu wa bajeti hilo halimuumizi kichwa, kwa mtu anayetaka kujua tiba inafanyaje kazi ni shimo kubwa.

Na usifikiri jibu moja linahamia kila mahali. Haushofer na wenzake nao walijaribu PM+ Kenya vijijini, pamoja na kutoa hela taslimu kwenye makundi mengine, na mwaka mmoja baadaye PM+ haikuonyesha tofauti inayopimika kwenye hali ya akili. Kabla hujasema tafiti hizi zinapingana angalia nani aliingia. Nairobi walichuja wanawake wenye msongo mkubwa, vijijini walichukua watu wa kawaida wa kijiji, na mtu asiye na msongo mwingi hana pa kushukia. Isitoshe wa kwanza walipima miezi mitatu na wa pili mwaka.

*Kuficha.* Afadhali kidogo kuliko foleni. Mgonjwa bado anajua, lakini fomu ya ridhaa inaweza kuandikwa kiungwana, "tunalinganisha aina mbili za msaada", bila kusema ipi ndo mpya na ipi ndo ya zamani. Mpimaji anaweza kufichwa kama anatoka nje ya kituo.

*Kusoma namba.* Tafuta aya inayoeleza huduma ya kawaida ilikuwa nini hasa, na zaidi, wangapi waliipata. Kama wamepewa rufaa kwa nesi na wengi hawakwenda, unasoma foleni iliyovaa koti la kliniki.

*Inamfaa nani.* Wizara, kaunti, halmashauri, mashirika, yeyote mwenye swali la "tuongeze au tusiongeze". Gharama yake ni ya kati, na kamati za maadili huwa hazisumbui sana hapa, mradi huduma isiwe chini ya ile ambayo mtu angepata bila utafiti.

3. Maongezi yenye muda sawa

Hapa kundi la pili nalo linakutana na mtu, idadi ileile ya vikao, urefu uleule, ila bila zile mbinu unazodhani ndo dawa. Inaweza kuwa kusikilizwa tu kwa huruma, inaweza kuwa darasa la kitu kingine.

*Inazuia nini.* Karibu kila kitu. Muda, kusikilizwa, kutoka nyumbani, kukaa na wenzako, na matumaini pia kama utaifanya iaminike. Kinachobaki kwenye tofauti ni mbinu yenyewe. Shida ni kuifanya kwa uaminifu, manake mtafiti anaipenda tiba yake, na bila hata kukusudia anaweza kutengeneza maongezi yaliyofungwa mikono, mshauri anakatazwa kumshauri mgonjwa hata pale binadamu yeyote angemshauri, mafunzo ya siku moja wakati wenzake wamefundishwa wiki mbili. Hicho ni kikaragosi cha kundi linganishi. Ukisoma ripoti ulizia, nani aliwafundisha hawa wa upande wa pili, na alitaka wafanikiwe?

*Kusoma namba.* Mfano uliofanywa vizuri ni wa Shamiri, programu ya vijana Kenya, uliochapishwa 2021. Vijana wa sekondari 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, kwenye shule nne za Nairobi na Kiambu, wengine wakapata vikao vinne vya Shamiri na wengine vikao vinne vya mbinu za kusoma, vyote kwenye vikundi. Pande zote mbili zilipata nafuu. Tofauti mwishoni kwa sonona ilikuwa d ya 0.35. Mtu aliyezoea kuona 1.2 za foleni atasema mbona ndogo, lakini hii imeshakatwa muda, imeshakatwa kukaa na kiongozi kijana anayekujali, imeshakatwa kutoka darasani. 0.35 hii na 1.2 ile huwezi kuzipanga kwenye jedwali moja uchague kubwa.

Alafu kuna wa Kongo, ambao mi naona ndo wa kusomwa polepole kuliko wote. Bass na wenzake, 2013, wanawake manusura wa ukatili wa kingono Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Kura ilipigwa kwa vijiji, vijiji vingine wakapata tiba ya kuchakata mawazo kwenye vikundi (wanawake 157), vingine wakapata msaada wa mtu mmoja mmoja kutoka kwa wasaidizi wa kisaikolojia (wanawake 248). Kwenye kipimo cha Hopkins cha sonona na wasiwasi, wa msaada walitoka 2.2, wakafika 1.7 mwisho wa tiba na 1.5 miezi sita baadaye. Wa tiba walitoka 2.0, wakafika 0.8, kisha 0.7.

Tufanye hesabu. Wa tiba walishuka 1.3 kwa jumla. Wa msaada walishuka 0.7. Kwaiyo tofauti ya mishuko ni 0.6. Maana yake zaidi ya nusu ya mshuko ulioonekana kwa wa tiba ulionekana pia kwa ambao hawakupata hio tiba. Kama shirika lingekuwa na programu ya msaada tu, bila kundi la pili, wangeandika kwa furaha kwamba programu yao imeshusha dalili kutoka 2.2 mpaka 1.5, na wangeamini. Upande mwingine, hio 0.6 iliyobaki si mchezo, miezi sita baadaye 9% tu ya wa tiba ndo walikuwa bado wanafikia kiwango cha sonona au wasiwasi, dhidi ya 42% ya wa msaada.

Ila hata hapa kuna mipaka. Msaada ule ulikuwa wa mtu kuja akihitaji, haukuwa na vikao sawa na vya tiba, kwaiyo kipimo cha muda hakikulingana, na kundi lilikuwa dhidi ya mtu mmoja mmoja, hivyo huwezi kusema sehemu gani ni mbinu na sehemu gani ni wanawake kukaa pamoja na kugundua hauko peke yako. Na kwa kuwa hapakuwa na upande usiopata chochote, ile 0.7 hatuwezi kuigawa, kiasi gani ni msaada na kiasi gani ni muda.

*Kuficha.* Hapa ndo kuna nafasi kubwa. Mgonjwa anaweza asijue ipi ndo "tiba yenyewe", na unaweza kupima hilo, baada ya kikao cha kwanza unawauliza pande zote mbili, unaona msaada huu una mantiki kiasi gani, unategemea utakusaidia kiasi gani? Kama majibu yanalingana, matumaini yamesawazishwa. Kama wa tiba wanategemea makubwa na wenzao wanapiga miayo, umeshajua sehemu ya tofauti inatoka wapi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua mbinu yenyewe ina nguvu, na mwenye hela. Manake tofauti ndogo inahitaji watu wengi. Kuna kanuni ya haraka ya idadi ya watu kwa kila kundi, kwa uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti kama ipo:

`n = 16 / d²`

Rudi kwenye mfano wetu. Kwa d ya 1.2 unahitaji kama watu 12 kila upande. Kwa 0.7 ni 33. Kwa 0.4 ni 100. Na hapo bado hujaongeza watakaopotea njiani, wala hujaongeza kwa ajili ya kugawa kwa vijiji au vikundi, ambako watu wa kikundi kimoja wanafanana na idadi inabidi ipande. Sasa umeelewa kwa nini foleni inapendwa.

Na ukiweza kuweka mbili kwa pamoja?

Ipo, na mfano wake uko kaskazini mwa Uganda. Bolton na wenzake, waliochapisha 2007, waligawa vijana 314 wa miaka 14 mpaka 17 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwa makundi matatu, tiba ya mahusiano ya watu kwenye vikundi, michezo ya ubunifu, na foleni. Tiba ilishinda foleni kwa alama 9.79 kwenye kipimo kilichotengenezwa kwa lugha na maneno ya Waacholi wenyewe. Michezo haikushinda foleni, ilikuwa nyuma kidogo kwa alama 2.51, tofauti ambayo haikuwa na uzito wa kitakwimu, yaani inaweza kuwa bahati tu. Kwaiyo pale, kukusanya vijana na kuwapa shughuli nzuri hakukutosha kushusha sonona, na hilo foleni peke yake isingetuambia.

Ukichambua kwa jinsia, wasichana walipata nafuu ya wazi, 12.61, na wavulana 5.72 ambayo haikufikia uzito wa kitakwimu. Hapa watu huwa wanaruka kusema tiba haifanyi kazi kwa wavulana. Subiri kidogo. Watu wachache maana yake nguvu ndogo ya kuona tofauti, na "haikufikia" haimaanishi "ni sifuri". Ukitaka kusema wavulana wanatofautiana na wasichana inabidi upime tofauti ya hizo tofauti mbili yenyewe, si kuweka nyota ya uzito wa kitakwimu kwenye moja na kuikosa kwenye nyingine.

Kuhusu kuficha, vitu vinavyofanyika kweli

Kura ifichwe kabla, yaani anayeandikisha mgonjwa asijue anayefuata anaenda wapi, la sivyo ataanza kumpeleka yule anayemuonea huruma kwenye tiba. Hii inawezekana kwenye kila jaribio bila kisingizio.

Mpimaji atoke nje, asikae ofisi moja na wanaotoa tiba, na kila mahojiano yaanze kwa kumuomba mgonjwa asitaje alikuwa wapi. Atataja tu wakati mwingine, "kama yule dada wa kikundi alivyosema…", na hapo mpimaji aandike kwamba siri imevuja na mwingine aendelee. Mwishoni kila mpimaji abashiri kundi la kila mtu. Kwa makundi mawili kubahatisha kunampa kama 50%. Akipata 80% kuna kitu, lakini muulize kwa nini alibashiri hivyo, manake akisema "huyu kapona, nikajua ni wa tiba", hapo si lazima siri ilivuja, inaweza kuwa tiba yenyewe ndo ilijionyesha.

Na usitegemee dodoso la hisia peke yake. Ongeza kitu ambacho ni kigumu kukipamba, siku alizokwenda kazini au shuleni, rejista, kauli ya mtu anayeishi naye.

Kwa hali yako

Unaandika tasnifu, una miezi michache na watu 40 hivi. Foleni inakubalika kama wagonjwa hawako hatarini, ila iite jina lake, jaribio la awali, na usichukue ile d yako kubwa kupangia utafiti unaofuata wenye kundi la maongezi, utaishia na watu wachache mno. Kama unaweza, wa foleni wape maelezo ya mapema kwamba wako huru kutafuta msaada popote.

Uko kwenye shirika au serikali ya mtaa na swali ni kama programu iongezwe kwenye vituo. Huduma ya kawaida, iliyoongezewa kidogo. Andika kurasa nzima ikibidi kueleza hio huduma ni nini na nani aliipata kweli.

Tiba imeshaonyesha kazi mara mbili tatu dhidi ya foleni na sasa wafadhili wanauliza kama haya mafunzo ghali ya mbinu yana ulazima, au mtu mwema yeyote angetosha. Hapo ni maongezi yenye muda sawa tu, hakuna njia ya mkato, na wape wa upande wa pili mwalimu anayeamini kazi yao.

Una watu ambao wako kwenye hatari kubwa. Foleni itoe kwenye mjadala, linganisha na huduma bora iliyopo, na weka utaratibu wa kumtoa mtu kwenye utafiti hali ikibadilika, ukumbuke pia kuandika waliozidiwa kila upande, manake majaribio mengi ya tiba ya mazungumzo yanasahau kuandika madhara kana kwamba maneno hayaumizi.

Wewe ni msomaji tu, huna jaribio, unataka kujua uamini nini. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, tafuta kundi linganishi kabla ya kutazama matokeo. Kisha angalia kama kipimo kikuu kilisajiliwa kabla ya kuanza, na kama tofauti inayosifiwa ni kati ya makundi au ni ya kabla na baada ndani ya kundi moja. Hesabu waliopotea kila upande, kama wa tiba wameondoka 30% na wa foleni 5%, waliobaki kwenye tiba pengine ni wale ilowapendeza, kwaiyo tafuta uchambuzi unaohesabu kila aliyepigiwa kura. Mwisho geuza d iwe alama za dodoso, alafu muulize mtu anayelitumia kliniki kama alama hizo mgonjwa atazihisi.

Na kama una tafiti mbili mkononi, moja ya foleni yenye 1.1 na moja ya maongezi yenye 0.4, za tiba mbili tofauti, na bosi anataka jibu Ijumaa, mwambie hazijakutana uwanja mmoja. Ukilazimika kuchagua, ya 0.4 ndo tunajua zaidi kuhusu mbinu yake, ya 1.1 bado hatujui nini kitabaki ukiiondolea kusubiri.